Msaidizi wa Kwanza Dukani

Mwenye duka dogo anayetafuta msaidizi wake wa kwanza yumo katika hatari ambayo tajiri mwenye watumishi 50 haijui. Tajiri yule akikosea mtu mmoja, wamebaki 49 wa kuziba pengo. Mwenye duka akikosea, amekosea watumishi wake wote kwa siku moja. Mtaji wake wote umo katika chumba kimoja, juu ya shubaka na ndani ya magunia, na mgeni atakayeingia mle atakuwa peke yake na mtaji huo kuanzia asubuhi. Ndiyo maana wengi hukimbilia kumchukua ndugu, wakidhani damu itawalinda. Na wengine hukataa kabisa kuajiri, wakafa na kazi huku duka likifungwa kila wanapougua.

Hapa mtaani kwetu Korogwe yupo mama mmoja mwenye duka la rejareja ambaye watoto humwita Mama Duka, nami nitamwita hivyo hivyo. Mumewe alipatwa na kiharusi, akawa anapaswa kupelekwa hospitali kwa mazoezi ya viungo siku mbili kila wiki, na nyumbani pia anahitaji mtu wa kumgeuza na kumlisha. Kwa miezi minne Mama Duka alikuwa akifunga duka siku za hospitali, na wateja wakaanza kuzoea duka la ng'ambo ya barabara. Mteja wa rejareja akizoea njia nyingine, kumrudisha ni kazi. Basi alikuja kwangu na karatasi yenye majina matatu, akasema, "Mwalimu, wewe umewapima watu maisha yako yote. Nipimie hawa."

Nilimwambia kwamba sitampimia, ila tungeweza kupima pamoja. Miaka yangu zaidi ya 30 katika chuo cha ualimu ilinifunza jambo moja ambalo linafaa dukani kama lilivyofaa darasani. Hatukuwahi kumpa mwanachuo cheti cha ualimu kwa sababu alijibu vizuri alipoulizwa atafundishaje. Tulimpeleka shule ya msingi kwa mazoezi ya kufundisha, tukakaa kiti cha nyuma na karatasi mkononi, tukamtazama akifundisha kugawanya mbele ya watoto 60. Wapo waliojibu kama wanafalsafa na chaki ikawashinda. Wapo waliogugumia mbele ya jopo, lakini watoto waliwaelewa tangu sentensi ya kwanza. Mahojiano yana kazi yake, lakini hayawezi kufanya kazi ya jaribio.

Majina yale matatu yalikuwa haya. Wa kwanza alikuwa kijana wa shemeji yake Mama Duka, amemaliza kidato cha nne, msafi, mwenye maneno mazuri. Wa pili alikuwa mama kijana mwenye mtoto wa mwaka mmoja, aliyewahi kuuza katika duka la nafaka kwa miaka miwili. Wa tatu alikuwa kijana aliyekuwa akimsaidia mtu katika kibanda cha chipsi, mnyamavu, ambaye ukimsalimu hujibu kwa sauti ya chini akitazama viatu vyake. Kila mmoja alikuwa na barua ya serikali ya mtaa na jina la mdhamini. Karatasi hizo ni nzuri kuwa nazo, maana zinakuonyesha mtu anaishi wapi na nani atamtafuta akipotea. Hazionyeshi kama anajua kusoma mzani.

Tulianza na maswali. Mama Duka alikuwa na yake tayari, mengi ya aina hii: Je, wewe ni mwaminifu? Je, una bidii? Je, unaweza kuvumilia wateja? Nilimwomba ajijibie mwenyewe swali la kwanza kwa niaba ya mwizi. Alicheka. Mwizi na mwaminifu hulijibu swali hilo kwa neno moja, na pengine mwizi hulitamka kwa haraka zaidi. Swali linalofaa ni lile linalomtaka mtu asimulie jambo alilolifanya, si sifa aliyo nayo. Sifa hujitungia kila mtu, lakini kisa kina mahali, kina siku, kina kiasi, na ukimwuliza "kisha ukafanyaje?" mara mbili tatu, kisa cha kutunga huanza kuchanika.

Tukaandika maswali matano tu, kwa mpangilio mmoja, wasomewe wote watatu sawasawa. Tulimtaka kila mmoja aeleze wakati aliposhika fedha ya mtu mwingine, iwe ya duka, ya kikundi, au hata ya kutumwa sokoni, na alijuaje kwamba hesabu imetimia. La pili lilikuwa lini hesabu haikutimia, na alifanya nini. La tatu, mteja aliyewahi kumlalamikia, na mwisho wake. La nne lilihusu saa za kazi. La tano lilikuwa lao: wewe una swali gani kwetu?

Swali la nne lina kisa chake. Mama Duka alitaka kumwuliza yule mama kijana, "Na huyo mtoto nani atamlea?" Nilimwuliza kama atawauliza swali hilo vijana wawili wa kiume pia. Alinyamaza. Si kwamba hofu yake haikuwa na msingi; duka linafunguliwa mapema na yeye lazima awe njiani na mgonjwa. Lakini hofu yake haikuwa juu ya mtoto, ilikuwa juu ya mlango kufunguliwa kwa wakati. Basi ndilo swali la kuuliza, na kila mtu aulizwe: kazi inaanza saa 1:00 kamili asubuhi, wewe utafikaje, na kitu gani kinaweza kukuzuia? Pamoja na haki, kuna faida. Yule mama alijibu kwamba bibi wa mtoto anaishi naye nyumba moja, na duka la nafaka alikuwa akilifungua saa 12:00. Kijana wa shemeji, ambaye hakuna mtu angemtilia shaka, alifikiri kidogo kisha akasema kwamba saa 1:00 "ataweza weza." Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kazini kwa kabila, dini, jinsia, ndoa, ujauzito, ulemavu na mengine ya namna hiyo, na katazo hilo linamhusu hata mwombaji ambaye hajaajiriwa. Wenye maduka wengi hudhani ni sheria ya viwandani. La hasha, ni ya dukani pia.

Lilikuwapo swali jingine ambalo Mama Duka alitaka kulifanya sharti: "Upungufu wowote utakatwa kwenye mshahara wako, unakubali?" Alilipata kwa wenzake wa sokoni, na wote huliuliza. Nilimweleza kwamba sheria hiyo hiyo haimruhusu mwajiri kukata hasara hivi hivi. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Aandikiwe sababu, kiasi na jinsi kilivyohesabiwa. Apewe nafasi ya kupinga. Kisichokatwa zaidi ya hasara yenyewe. Na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Nami niliongeza la kwangu, lisilo la sheria. Mtu anayejua kwamba kila upungufu utamwangukia yeye, hata ule wa panya na gunia lililotoboka, hujifunza upesi kulipunja kopo la mteja ili apate akiba ya kufidia. Hapo umemfundisha wizi mwenyewe, tena wizi unaoharibu jina la duka lako.

Kabla ya swali la kwanza Mama Duka aliwatajia wote mshahara, saa za kazi na siku ya mapumziko. Awali alitaka mtu wa kuanzia alfajiri hadi saa 4:00 usiku. Sheria inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizidi tisa kwa siku, na mapumziko ya saa moja kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Tukapanga saa 1:00 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri, pamoja na saa moja ya kula, siku sita. Hizo ni saa 42. Jioni angekaa mwenyewe, mgonjwa akiwa amelala.

Mahojiano ya kila mmoja yalichukua kama dakika 20. Kijana wa shemeji alisema mengi na vizuri, lakini kila tulipomwuliza "kisha ukafanyaje?" alirudi kwenye maneno ya jumla kwamba uaminifu ni muhimu sana. Yule mama kijana alisimulia siku duka la nafaka lilipopungukiwa 8,000, jinsi walivyorudia stakabadhi moja moja na kukuta mchele wa kilo nne haukuandikwa bali ulichukuliwa na mwenye duka kwa ajili ya nyumbani. Kisa kama hicho hakitungwi kirahisi. Kijana wa chipsi alijibu maneno machache, ila kwa swali la tano alikuwa wa pekee aliyeuliza jambo la kazi: "Nikiwa peke yangu, na sijui bei, nimpigie nani simu?" Niliandika swali hilo kwenye karatasi yangu na kulipigia mstari.

Sasa jaribio. Nalieleza kwa urefu kwa sababu hapo ndipo watu wengi huteleza, tena kwa njia mbili zinazopingana. Wengine hawafanyi jaribio lolote. Wengine hulifanya jaribio kuwa shamba la kuvuna jasho la bure: wanamwita huyu wiki nzima "tukuangalie," kisha yule wiki inayofuata, na mwisho wa mwezi duka limehudumiwa na watu wanne na hakuna aliyelipwa. Huo si upimaji. Tuliamua saa mbili kwa kila mtu, kuanzia saa 4:00 hadi saa 6:00 mchana, siku tatu za kufuatana ambazo hakuna hata moja ya gulio, ili mmoja asikute umati na mwingine asikute nzi. Kila mmoja alilipwa 5,000 kwa saa zake mbili, awe amefaulu au la. Mama Duka alikuwapo wakati wote, akiwa amekaa pembeni, na simu ya uwakala wa fedha aliishika yeye. Mtu asiyejulikana hapewi namba ya siri ya uwakala hata kwa dakika tano.

Kabla hawajaanza walifundishwa, kwa maneno yale yale. Hapa pana bei zimebandikwa ukutani. Huu ni mzani. Mshale usimame kwenye sifuri kabla ya kupima. Kila unachouza kiandikwe kwenye daftari la mauzo. Mkopo ni kwa walio katika daftari la madeni tu, na haupiti 5,000. Usipojua, uliza. Mama Duka alipenda tusiwaambie habari ya mkopo, tuone watafanyaje. Nilikataa, maana huwezi kumtahini mtu somo ambalo hukumfundisha. Utakachopima ni desturi ya duka alikotoka, na hilo si kosa lake. Kisha fedha za chenji zilihesabiwa na wawili pamoja, zikawa 20,000 kamili, na kila mmoja alitia saini kiasi hicho.

Wateja wa kawaida walikuja na kwenda. Pamoja nao tuliwaweka watatu wa kwetu, walewale kwa kila siku. Wa kwanza alikuwa mtoto wa jirani wa miaka tisa, mwenye noti ya 2,000, aliyefundishwa kusema tu, "Mama kasema sukari na chumvi." Wa pili alikuwa mama mmoja mwenye noti ya 10,000, akitaka sukari kilo moja na robo, maharage nusu kilo, kipande cha sabuni na kiberiti. Wa tatu alikuwa mzee mwenzangu wa kutoka mtaa wa pili, mwenye sauti nzito na bakora, atakayeomba kuandikiwa sabuni kwa mkopo kwa sababu "mimi na mwenye duka tunafahamiana." Jina lake halimo kwenye daftari la madeni.

Tazama msomaji wangu jinsi mteja wa pili anavyopima mengi bila makeke. Sukari ilikuwa 2,800 kwa kilo, hivyo kilo na robo ni 3,500. Maharage yalikuwa 3,200, nusu yake 1,600. Sabuni 700, kiberiti 100. Jumla ni 5,900 na chenji ni 4,100. Mahali pa kuteleza ni pale robo inapoingia katika 2,800. Hatukujali kama mtu anatumia kichwa, kalamu au kikokotoo cha simu. Tulitazama kama anafika, na kama anamhesabia mteja chenji mkononi au anamkunjia tu. Tulitazama pia kama anaweka karatasi ya kufungia juu ya mzani kabla ya kuangalia sifuri au baada, na kama noti ya 10,000 inabaki mezani mpaka mteja apokee chenji yake. Noti ikitupwa mapema ndani ya sanduku, mteja mjanja atasema alitoa mbili, na hutakuwa na ushahidi.

Kijana wa shemeji alikuwa hodari wa hesabu kuliko wote. Alitaja 5,900 kabla sijamaliza kujumlisha mwenyewe. Lakini mara mbili alipokea simu huku wateja wamesimama, na mtoto aliposema "sukari na chumvi" alimpimia nusu kilo na kumpa pakiti ya chumvi bila kuuliza kiasi. Mzee wa bakora alimjibu, "Hapa hakuna mkopo, babu," kwa sauti ambayo mzee aliikumbuka hata jioni. Mwisho wa saa mbili, sanduku lilipungua 500 kwa daftari. Akatoa 500 mfukoni mwake, akaweka, akasema, "Basi imetimia." Mama Duka alipendezwa sana, akaniambia kando kwamba huo ndio uungwana. Mimi sikukubali. Upungufu ni habari. Unakwambia kwamba chenji fulani ilizidi au bidhaa fulani iliandikwa mara mbili. Anayeufunika kwa fedha yake ameizika habari hiyo. Tena mtu aliyezoea kutia sandukuni kutoka mfukoni siku ya upungufu, siku ya ziada ataona ni haki yake kutoa sandukuni na kutia mfukoni, akijiambia kwamba anajilipa. Baada ya miezi mitatu hata yeye mwenyewe hatajua nani anamdai nani. Kijana hakuwa mwizi hata kidogo. Alitaka kupendeza tu.

Shemeji mtu alikuwa ameshauri mtihani mwingine: noti ya 2,000 iangushwe chini ya meza, tuone nani ataiokota na kuirudisha. Ni mtego unaopendwa sana, na sikuupenda hata siku nilipokuwa kijana. Asiyeirudisha huenda hakuiona. Anayeiba hataiba saa ya kutazamwa; ataisubiri noti nyingine mwezi wa tatu. Na mwaminifu akigundua kwamba alitegwa, unaanza naye kazi mkiwa tayari mna jambo moyoni. Uaminifu wa dukani haulindwi na mtego wa siku moja, unalindwa na kuhesabu fedha kila jioni, wawili pamoja, dhidi ya daftari.

Kijana wa chipsi alikwenda polepole. Alirudia hesabu ya 5,900 mara mbili, mara ya kwanza akapata 5,800, akaifuta mwenyewe kabla ya kuitamka. Alipoletewa mtoto, aligeuka na kumwuliza Mama Duka, akaambiwa afanye anavyoona, naye akampa chumvi tu na kumwambia arudi kuuliza kiasi cha sukari. Daftari lake lilikuwa safi kama la mkaguzi, na fedha zilitimia hadi sarafu ya mwisho. Lakini mzee alipoinua sauti na bakora, kijana alitetemeka, akamwandikia sabuni kwenye karatasi pembeni. Alijua sharti, maana alilirudia mwenyewe baadaye. Hakuweza kulisema mbele ya mtu mzima.

Yule mama kijana alimwinamia mtoto akamwuliza sukari kiasi gani. Mtoto akasema hajui. "Basi mwanangu, tia fedha yako mfukoni, kamwulize mama, ukirudi utanikuta." Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Shikamoo baba, jina lako silioni humu, na mimi ni mgeni. Mama huyo pale, akiniambia niandike naandika sasa hivi." Mzee alirudi akicheka. Mzani aliufuta na kuusawazisha bila kuambiwa mara ya pili. Ila aliuza kwanza na kuandika baadaye, wateja watatu kwa mkupuo, kama alivyozoea kwenye nafaka ambako wateja ni wachache na mizigo mikubwa. Tulipohesabu, kwenye daftari mauzo yalikuwa 31,300. Pamoja na chenji ya kuanzia 20,000, sanduku lilipaswa kuwa na 51,300. Lilikuwa na 52,000.

Mama Duka alifurahi kuona ziada ya 700. Ziada, hata hivyo, ni kosa kama upungufu, na kwa mwenye duka asiyekuwapo ni kosa baya zaidi. Kipande cha sabuni kiliuzwa na hakikuandikwa. Siku ambayo mwuzaji hana nia njema, 700 hiyo ndiyo fedha isiyo na mwenyewe. Ikichukuliwa, daftari na sanduku vitapatana vizuri kabisa na hakuna atakayejua, mpaka siku ya kuhesabu bidhaa.

Basi tukawa na watu wawili wenye kasoro mbili. Mmoja daftari lake halikosi, lakini mkubwa yeyote mwenye sauti anaweza kuondoka na sabuni. Mwingine anajua watu na mizani, lakini kalamu inachelewa. Niliona tufanye kama tulivyofanya kwa wanachuo: baada ya somo la kwanza mwalimu huambiwa kasoro moja, moja tu, kisha hutazamwa tena. Tuliwaita wote wawili kwa saa moja zaidi, kwa malipo. Yule mama aliambiwa: andika kabla bidhaa haijavuka meza. Kijana aliambiwa: yeyote anayeomba mkopo na hayumo, mwambie "ngoja nimpigie mwenye duka," na usiseme zaidi. Mzee mwingine tulimpata, mwenye bakora nene zaidi.

Kijana alisema maneno yake, kwa shida, na mzee akakubali kungoja. Lakini kwa dakika zile mbili alikuwa amechanganyikiwa kiasi cha kuwasahau wateja wawili waliokuwa nyuma. Yule mama alishika kalamu mkononi saa nzima, hakuiweka chini hata alipokuwa akipima, na fedha zilitimia. Mama Duka alimchagua yeye. Alimwambia kijana wa chipsi ana kwa ana alichokiona, kizuri na kibaya, na kwamba jina lake linabaki katika daftari lake.

Kwa shemeji ilikuwa vigumu zaidi. Alikuja jioni ile ile na uso wa matanga. Mama Duka hakubishana naye juu ya damu na undugu. Alimwonyesha karatasi tatu, maswali yaleyale, wateja walewale, na aliyoyaandika mbele ya kila jina. Shemeji alisoma zote, akauliza kwa nini 500 ya mwanawe imeandikwa kuwa kasoro, akaelezwa, akanyamaza. Miezi miwili hakukanyaga pale. Baadaye alianza tena kununua sigara zake, bila kuzungumzia jambo lile.

Mkataba uliandikwa kwa mkono kwenye karatasi moja, pande zote mbili: jina, umri na makazi ya mwajiriwa, kazi yenyewe, mahali, siku ya kuanza, muda wa mkataba, saa za kazi, mshahara na siku ya kulipwa. Nakala mbili, saini mbili kila nakala. Waliongeza sentensi moja ambayo yule mama kijana ndiye aliyeiomba, kwamba bidhaa yoyote inayochukuliwa kwa matumizi ya nyumbani na mwenye duka iandikwe kwenye daftari kama ya mteja mwingine. Mama Duka alitia saini huku akinitazama kwa jicho la pembeni, kwa sababu mchele wa kilo nne ulikuwa bado haujasahaulika, na yeye pia ana desturi hiyo.